Hatua ya Newton Inapopanda Badala ya Kushuka

Njia ya Newton ya kutafuta kima cha chini cha funksheni laini hutegemea mambo mawili yanayopimwa pale ilipofika. La kwanza ni mteremko: kila kigeu kikisogezwa kidogo, thamani ya funksheni inabadilika kwa kasi gani. La pili ni mpindo: mteremko wenyewe unabadilika kwa kasi gani. Mteremko huandikwa kama safu ya namba, moja kwa kila kigeu. Mpindo huhitaji jedwali la mraba, kwa sababu kusogeza kigeu kimoja kunaweza kubadili mteremko wa kingine. Jedwali hilo huitwa matriksi ya Hesse, kwa jina la Otto Hesse, mwanahisabati Mjerumani wa karne ya 19.

Kwa namba hizo njia huunda bakuli la kubuni linalolingana na funksheni mahali hapo, kisha huruka moja kwa moja hadi kwenye kitako cha bakuli. Mteremko ukiitwa g, matriksi ikiitwa H na hatua ikiitwa p, kazi yote ni kutatua milinganyo hii:

```
H p = -g
```

Kama funksheni yenyewe ni bakuli kamili, mruko mmoja unatosha. Kama si bakuli kamili, hatua hurudiwa, na karibu na kima cha chini idadi ya tarakimu sahihi huongezeka takriban mara mbili kwa kila hatua. Kasi hiyo ndiyo inayowafanya watu wakubali gharama ya kukokotoa matriksi nzima.

Hata hivyo, hakuna kitu katika milinganyo hiyo kinachosema "shuka". Inachotafuta ni mahali ambapo mteremko wa bakuli la kubuni ni sifuri, basi. Bakuli likiwa limefunikwa, mahali hapo ni kilele. Likiwa limejikunja juu upande mmoja na chini upande mwingine, hapo ni kile kinachoitwa nukta ya tandiko, ambako mtu akienda huku anapanda na akienda kule anashuka. Njia itaelekea huko kwa bidii ileile. Hatua ya Newton huaminika kuwa inashuka pale tu matriksi ya Hesse inapokuwa chanya kamili, maana yake kila mwelekeo utakaochaguliwa kutoka hapo unajikunja kwenda juu.

Funksheni ndogo ya vigeu viwili inatosha kuonyesha tatizo zima:

```
f(x, y) = x^4/4 - x^2/2 + x*y + y^2
g = (x^3 - x + y,  x + 2y)
H = [ 3x^2 - 1   1 ]
    [ 1          2 ]
```

Tuseme safari inaanzia kwenye nukta (0.5, 0). Hapo thamani ya f ni -0.1094, mteremko ni (-0.375, 0.5), na namba ya kwanza kwenye ulalo wa matriksi ni -0.25. Milinganyo ikitatuliwa bila kujali alama hiyo ya kutoa, hatua inakuwa (-0.833, 0.167), na nukta mpya ni (-0.333, 0.167). Thamani ya f hapo ni -0.0802. Imepanda. Hatua inayofuata inafika karibu na (0.063, -0.032), ambako thamani ni -0.003, na baada ya hapo namba zinakimbilia (0, 0) kwa kasi ya kupendeza. Tatizo ni kwamba (0, 0) ni nukta ya tandiko. Atakayetazama mteremko peke yake ataona sifuri na kudhani kazi imeisha salama.

Kosa hili lingeweza kugunduliwa kabla ya hatua ya kwanza. Kila namba ya mteremko huzidishwa na namba mwenzake katika hatua, kisha majibu hujumlishwa. Jumla ikiwa hasi, hatua inaanza kwa kushuka. Ikiwa chanya, inaanza kwa kupanda. Hapa jumla ni 0.396, kwa hiyo hatua ilielekea juu tangu mwanzo.

Tiba ya kawaida ni kuikarabati matriksi kabla ya kutatua milinganyo: namba moja t huongezwa kwenye kila nafasi ya ulalo. Kufanya hivyo huongeza mpindo wa kila mwelekeo kwa kiasi kilekile t, na t ikiwa kubwa kuliko mpindo hasi uliopo, matriksi inakuwa chanya kamili. Wazo hili si geni. Kenneth Levenberg alilitumia mwaka 1944 katika kulinganisha mikunjo na data, Donald Marquardt akalirudia mwaka 1963, na mwaka 1966 Goldfeld, Quandt na Trotter wakalipeleka kwenye matriksi ya Hesse yenyewe.

Swali gumu ni ukubwa wa t. Katika mfano huu mwelekeo mbaya kabisa una mpindo wa -0.630, kwa hiyo t lazima ipite 0.630. Kwa vigeu viwili namba hiyo hupatikana kwa hesabu ya karatasi. Kwa vigeu elfu moja, kutafuta mipindo yote hugharimu kazi nyingi kuliko kutatua milinganyo yenyewe. Ndiyo maana watendaji hupendelea kukisia t na kuijaribu kwa kuvunja matriksi kwa njia ya Cholesky.

André-Louis Cholesky alikuwa ofisa wa jeshi la Ufaransa aliyefanya kazi ya upimaji wa ardhi. Alifariki vitani mwaka 1918, na njia yake ikachapishwa mwaka 1924. Hugawa matriksi linganifu kuwa zao la pembetatu ya namba na kivuli chake. Kwa matriksi ya mbili kwa mbili hatua ni chache: toa kipeuo cha pili cha namba ya kwanza ya ulalo, gawa namba ya pembeni kwa kipeuo hicho, chukua jibu, lipandishe kipeo cha pili, ulitoe kwenye namba ya pili ya ulalo, kisha toa kipeuo cha pili cha kilichobaki. Uzuri wake ni kwamba kazi hii hukamilika pale tu matriksi inapokuwa chanya kamili. Vinginevyo itakwama mahali fulani ikitakiwa kutoa kipeuo cha namba isiyo chanya. Jaribio na utatuzi ni kazi moja.

Kwenye nukta (0.5, 0) na t ikiwa sifuri, Cholesky hukwama papo hapo, kwani -0.25 haina kipeuo halisi. Kwa t ya 0.5 ulalo unakuwa 0.25 na 2.5. Kipeuo cha kwanza ni 0.5, namba ya pembeni inakuwa 2, mraba wake ni 4, na 2.5 kutoa 4 ni -1.5. Inakwama tena, safari hii kwenye nafasi ya pili. Hapa panafaa kutiliwa mkazo: ulalo wenye namba chanya tupu haujathibitisha lolote. Kwa t ya 1 ulalo ni 0.75 na 3. Mraba wa namba ya pembeni ni 1.333, kinabaki 1.667, na kazi inakamilika. Katika lugha ya Python utaratibu huo ni mistari michache:

```python
t = 0.0
while True:
    try:
        L = np.linalg.cholesky(H + t*np.eye(n))
        break
    except np.linalg.LinAlgError:
        t = max(2*t, 0.5)
```

Matriksi iliyokarabatiwa inatoa hatua ya (1.3, -0.6), na jumla ya majaribio ya alama sasa ni -0.7875: inashuka. Lakini kwenye nukta (1.8, -0.6) thamani ya f ni 0.284, juu zaidi ya ilikoanza. Mwelekeo ni sahihi, urefu umezidi. Ukarabati wa matriksi hauondoi haja ya kupima hatua kabla ya kuikubali. Hatua ikikatwa nusu, nukta inakuwa (1.15, -0.3) na thamani inashuka hadi -0.479. Inakubaliwa.

Hapo matriksi ni chanya kamili yenyewe na t inarudi sifuri. Hatua inayofuata inafika (1.2327, -0.6164), nyingine inafika x ya 1.2248, na inayofuata hiyo inalingana na jibu kamili, kipeuo cha pili cha 1.5, hadi tarakimu ya saba baada ya nukta. Mtu akisahau kuondoa t na kuiacha 1 hadi mwisho, karibu na jibu kosa litapungua hadi asilimia 40 tu ya lilivyokuwa kwa kila hatua, na usahihi uleule utadai zaidi ya hatua 15. Matriksi isiyougua isipewe dawa.

Kiasi cha t kina hatari pande zote mbili. Kwa t ya 0.64, iliyopita mpaka kwa unywele, Cholesky hukubali bila kelele, lakini hatua inayotoka ni takriban (50, -19) kwa funksheni ambayo jibu lake liko umbali usiofika 1. Kwa t ya 100 hatua inakuwa (0.0038, -0.0049), yaani mwendo wa kufuata mteremko tu, kana kwamba mpindo haukupimwa kabisa.

Kukisia t mara kwa mara kuna gharama, maana kila jaribio lililokwama ni kazi iliyotupwa. Philip Gill na Walter Murray walipendekeza mwaka 1974 kwamba marekebisho yafanywe ndani ya Cholesky yenyewe, kila namba ya ulalo ikiongezwa inavyohitaji, kwa mpito mmoja. Urahisi wake unaweza kudanganya. Tuseme -0.25 inabadilishwa kuwa 0.001 ili tu kipeuo kipatikane. Namba ya pembeni inakuwa 31.6, mraba wake ni 1000, na nafasi ya pili inabaki na -998. Kosa la robo limezaa jingine la karibu elfu moja. Kwa hiyo utaratibu wao huweka kikomo kwa namba za pembeni, na nafasi ya kwanza huongezwa vya kutosha tangu awali. Robert Schnabel na Elizabeth Eskow waliendeleza kazi hiyo mwaka 1990 wakilenga nyongeza iwe ndogo zaidi.

Hali moja haitibiwi na ukarabati wowote kati ya hizi. Safari ikianzia kwenye (0, 0) yenyewe, mteremko ni sifuri, na hatua itakuwa sifuri hata matriksi ikarabatiwe namna gani. Programu itasimama na kutangaza jibu. Dalili ya kutambua ni kujaribu Cholesky kwenye matriksi asilia, bila t, pale mteremko unapoisha: ikikwama kwa sababu ya mpindo hasi, hapo si kima cha chini. Dawa ni kuacha mteremko na kufuata mwelekeo wenye mpindo hasi, ambao hapa ni takriban (1, -0.3). Nusu ya hatua hiyo inafika (0.5, -0.15), ambako thamani ni -0.162. Kwenda upande wa pili, hadi (-0.5, 0.15), hutoa thamani ileile, na huko kuna kima cha chini kingine, (-1.2247, 0.6124), chenye kina sawa cha -0.5625.