Kamisheni ya kiwanja: dalali, ofisi na aliyemleta mteja wagawane vipi?

Kiwanja kikiuzwa Nyamongo, mara nyingi dalali aliyezunguka na mteja hayuko peke yake. Kuna ofisi ya udalali inayomtumia, na kuna dalali mwenzake wa Tarime mjini, Sirari au Mugumu aliyepiga simu kusema, "Nina mteja, namtuma kwako." Fedha ikiingia, wote watatu wanaitazama. Ugomvi huanzia kwenye neno moja: asilimia. Asilimia ya nini?

Tuchukue mfano. Kiwanja kimeuzwa shilingi 8,000,000, na muuzaji alikubali kulipa kamisheni ya asilimia 10, yaani 800,000. Dalali na ofisi wana makubaliano yao: katika fedha wanayogawana, ofisi inachukua asilimia 40 na dalali 60. Aliyemleta mteja aliahidiwa "asilimia 20". Ahadi hiyo inaweza kusomwa kwa njia tatu.

Njia ya kwanza: mleta mteja analipwa kwanza, kutoka kamisheni nzima. Anapata 160,000. Zinabaki 640,000, ambapo ofisi inapata 256,000 na dalali 384,000. Hapa ofisi na dalali wote wamechangia.

Njia ya pili: ofisi na dalali wanagawana kwanza. Ofisi inachukua 320,000 na dalali 480,000. Kisha dalali anatoa asilimia 20 ya kamisheni nzima mfukoni mwake, yaani 160,000, naye anabaki na 320,000. Mzigo wote umemwangukia yeye.

Njia ya tatu: ofisi na dalali wanagawana kama hapo juu, lakini mleta mteja anapewa asilimia 20 ya fungu la dalali tu. Anapata 96,000, dalali anabaki na 384,000, na ofisi inabaki na 320,000 yake.

Ona kwamba dalali anapata kiasi kilekile kwa njia ya kwanza na ya tatu. Kwa hiyo yeye anaweza kusema "asilimia 20" bila kujali inahesabiwa wapi, kumbe mwenzake anaweza kupoteza 64,000, na fedha hiyo ikabaki ofisini. Njia zote tatu ni halali zikikubaliwa. Ubaya ni kuchagua njia baada ya fedha kuingia.

Dawa yake ni ujumbe wa simu kabla mteja hajafika. Mleta mteja aandike: "Namtuma mteja wangu, jina lake fulani, anatafuta kiwanja Nyamongo. Akinunua kupitia kwako ndani ya miezi 3, nitapata asilimia 20 ya kamisheni yote, kabla hamjagawana na ofisi." Dalali ajibu: "Nimekubali." Kama ofisi nayo itachangia, msimamizi wake naye akubali kwa maandishi, maana dalali hawezi kugawa fungu lisilo lake. Jumbe hizo zisifutwe.

Muda ni muhimu pia. Bila muda, mteja anaweza kurudi mwaka unaofuata kwa kiwanja kingine, na aliyemtuma akadai tena.

Mnunuzi akilipa kwa awamu je? Akitoa 5,000,000 leo na 3,000,000 baadaye, na muuzaji akatoa kamisheni kwa awamu, basi 500,000 ya kwanza igawanywe kwa mafungu yaleyale. Kwa njia ya kwanza mleta mteja anapata 100,000 sasa na 60,000 baadaye. Asiwepo anayechukua chake chote mwanzoni na kuwaachia wenzake deni.

Kwa ardhi ya kijiji kuna jambo la ziada. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka Halmashauri ya Kijiji iidhinishe uhamisho. Mkigawana kabla ya idhini na mauzo yakakwama, muuzaji atadai kamisheni yake, na kila mmoja atakuwa ameshatumia fungu lake. Ni salama kusubiri.

Mwisho, "cha juu". Muuzaji anataka 8,000,000, dalali anamtajia mnunuzi 9,000,000 na kuficha ile milioni moja. Hapo mleta mteja na ofisi wanagawiwa 800,000, huku dalali akiwa na fungu kubwa kuliko lote ambalo hawalijui. Muuzaji naye ameibiwa bei yake, na dalali anayemficha aliyemtuma kazi anaweza kupoteza haki ya kulipwa kisheria. Njia ya kuligundua ni rahisi: kabla ya kugawana, ombeni nakala ya hati ya mauziano yenye sahihi za muuzaji, mnunuzi na mashahidi, kisha muulizeni mnunuzi alilipa kiasi gani. Bei hizo mbili zikitofautiana, msigawane kwanza.