Barua ya Kuomba Kiti Kazini
Mhudumu wa duka Kiirua akisimama kwenye kaunta mchana kutwa, damu hutuama miguuni. Jioni viatu humbana na miguu huuma. Kifungu cha 94 cha Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 kinamtaka mwajiri aweke viti, ili anayefanya kazi akisimama aketi nafasi inapopatikana.

Barua kwa meneja iwe fupi, yenye tarehe, na mhudumu abaki na nakala: “Miguu yangu huvimba kuanzia saa nane mchana. Naomba stuli kwenye kaunta, na dakika 10 za kuketi wateja wanapopungua.”

Mguu mmoja ukivimba ghafla, ukiwa na joto na maumivu, asisubiri jibu. Aende hospitalini siku hiyo hiyo. Huenda damu imeganda mshipani.