Sauti Inayotutangulia Gizani

Filamu ya Laura, iliyoongozwa na Otto Preminger mwaka 1944, inaanza kwa giza na sauti ya mwanamume. Anasema hatasahau wikendi ile Laura alipokufa, na jinsi jua la Jumapili lilivyochoma New York. Hatujamwona bado, ila huzuni yake imeshatuingia. Kisha anatuambia kwamba yeye, Waldo Lydecker, ndiye pekee aliyemjua mwanamke huyo kwa kweli.

Hapo ndipo tunaponaswa. Anayefika kwanza kusimulia tunampa imani bila kumdai ushahidi, hasa akiwa anaomboleza. Mpelelezi McPherson anazunguka sebule iliyojaa vitu vya thamani, na Waldo anatueleza kwamba anamchungulia kupitia mlango uliofunguka nusu. Kwa hiyo tunamtazama mpelelezi kwa macho ya mtu anayepaswa kupelelezwa. Ghafla sauti hiyohiyo inamkemea McPherson asiguse vitu, naye anaisikia! Msimulizi kumbe yuko chumba cha pili, ndani ya hodhi la kuogea, anapiga taipu. Kwangu mimi huu ndio ufundi mkubwa wa filamu hii: sauti tuliyodhani iko juu ya kisa ina mwili, ina hasira, ina wivu.

Baadaye, mkahawani, Waldo anamsimulia McPherson jinsi alivyomlea Laura hadi akafanikiwa kazini. Picha zinafuata maneno yake, nasi tunasahau kuwa ni maneno yake tu. Wanaume wengine waliompenda Laura wanaonekana wadogo kwa sababu yeye ndiye anayewachora.

(Ambaye hajaitazama filamu hii aishie hapa.) Baada ya simulizi hilo, sauti inanyamaza. Laura anaingia mlangoni akiwa hai. Aliyeuawa ni mwanamke mwingine. Muuaji ni Waldo, na bunduki aliificha ndani ya saa kubwa nyumbani kwa Laura, pacha wa ile aliyotutajia mwenyewe mwanzoni kabisa. Hakutudanganya kuhusu saa. Alituelekeza tuione kama pambo.

Tofauti yake na Double Indemnity, ya mwaka huohuo, ni kubwa. Walter Neff anakiri kwenye mashine ya kurekodi, mapema kabisa, kwamba ameua. Kwa kuwa hafichi kosa lake, tunamwamini, na hofu inageuka: hatuulizi tena nani kaua, tunangoja tu jinsi atakavyonaswa.

Ukiitazama Laura mara ya pili, usiifuate huzuni ya Waldo. Angalia anachokichungulia, uliza kwa nini saa ile inatajwa mapema hivyo, na zingatia ni wapi anapoacha kusimulia.