Maji Yanausukuma Ukuta Wapi?

Chukua tenki refu la zege la mstatili, lisilo na paa, lenye maji ya kina cha mita 3. Tukate ubavuni kipande cha ukuta chenye upana wa mita 1. Usawa wa maji, msukumo ni sifuri. Ukishuka unaongezeka sawasawa, hadi chini kabisa unafika kama kilonyutoni 29.4 kwa kila mita ya mraba. Ukiuchora msukumo huo kandokando ya ukuta, unapata pembetatu iliyochongoka juu na kupanuka chini.

Jumla yake ni eneo la pembetatu hiyo: nusu ya 3 mara 29.4, yaani kilonyutoni 44.1, karibu uzito wa tani nne na nusu. Kani hii moja tuiweke wapi? Wengi huiweka katikati ya kina. Hapo si mahali pake, maana nusu ya juu ya ukuta inabeba robo tu ya msukumo, na robo tatu zote ziko chini.

Tuhesabu nguvu ya kuupindua ukuta kutoka kwenye kitako chake. Robo ya juu, kilonyutoni 11.025, iko mita 2 kutoka chini: inatoa 22.05. Nusu ya chini tuigawe mstatili na pembetatu ndogo. Mstatili una kilonyutoni 22.05, kimo cha mita 0.75, unatoa 16.54. Pembetatu ina 11.025, kimo cha mita 0.5, inatoa 5.51. Jumla ni kilonyutoni-mita 44.1. Gawanya kwa kani ya 44.1, unapata mita 1 kamili: theluthi ya kina kutoka chini. Anayeiweka katikati atapata 66, na kumwingiza mwenye tenki gharama ya nondo zisizohitajika. Anayepima theluthi kutoka juu atapata 88, mara mbili ya ukweli.

Theluthi hiyo ni ya kina cha maji, si ya kimo cha ukuta. Ukuta ukiwa na mita 3.5 na maji mita 3, pembetatu inabaki ya mita 3.

Kuna kosa jingine ambalo naliona la hatari zaidi, kwa kuwa hesabu zake huonekana safi. Kani moja inachukua nafasi ya msukumo wote pale tunapotafuta mzigo unaofika kwenye kitako, basi. Ukiitumia kukagua ukuta kwenye kimo cha mita 1.5, itakuambia hapo hakuna kinachopinda, kwa sababu kani yenyewe iko chini ya hapo. Lakini maji ya juu yapo, na yanapinda kwa 11.025 mara 0.5, yaani kilonyutoni-mita 5.5. Fundi akikata nondo za upande wa ndani kwa kuiamini sifuri ile, ufa utaanzia humo ndani, upande wa maji. Kwa hiyo kila kimo unachokagua, chora upya pembetatu ya maji yaliyo juu yake peke yake, kisha utafute kani yake na theluthi yake.