Daftari la Mwezi Mmoja

Wazee wetu walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Wengi huyasoma maneno hayo kana kwamba yalisemwa kwa wenye maduka tu. Lakini nyumba ya mwalimu yenye mshahara mmoja na cherehani moja ina mali pia, nayo hupotea vivyo hivyo. Mtu hupokea fedha tarehe 25, hulipa kodi, hununua unga na mchele, na ifikapo tarehe 15 hujiuliza zilikokwenda zilizosalia. Twataka kuonyesha mwezi huu jinsi nyumba iwezavyo kupata jawabu kwa daftari la shilingi chache na siku 30 za kuandika.

Kwanza twaeleza namna ya kuliandika, maana hapo ndipo wengi hukosea. Mwezi wa daftari si lazima uanze tarehe 1. Uanze siku ya mshahara, ukome siku iliyotangulia mshahara wa pili. Kila mtu mzima wa nyumba awe na kijitabu chake mfukoni, aandike papo hapo anapotoa fedha, hata ikiwa ni shilingi 100 ya karanga. Asingoje jioni, kwa kuwa jioni mtu hukumbuka kilo ya nyama na kusahau soda. Aandike mambo manne: tarehe, kitu, kiasi, na neno moja la sababu, kama vile "nimechelewa", "njaa", "mgeni", "mvua". Neno hilo la nne huonekana la bure, lakini mwisho wa mwezi ndilo lenye faida kupita mengine yote.

Pili, kila usiku daftari lipimwe. Hesabu yake ni nyepesi: fedha za asubuhi, ongeza zilizoingia, toa zilizoandikwa kuwa zimetumika, zinazobaki zilingane na zilizo mkononi. Tuseme mtu aliamka na shilingi 8,500, akatoa 20,000 kwa wakala wa simu, akaandika matumizi ya 13,400. Yapasa awe na 15,100. Akihesabu akaona 14,300, basi 800 zimepita bila kuandikwa. Akifikiri kidogo atakumbuka soda ya 700. Na ile 100 asiyoikumbuka aiandike "haijulikani", asiibunie jina. Daftari lisilopimwa hivi halina thamani, maana vitu vidogo vinavyosahauliwa ndivyo hasa vinavyotafutwa.

Angalieni pia kosa moja la fedha za simu. Kutoa 20,000 kwa wakala si matumizi. Ni kuhamisha fedha kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine. Iliyotumika ni ile ada iliyokatwa, nayo iandikwe peke yake. Mtu akiandika 20,000 kuwa matumizi, kisha akaandika tena nyama na nauli alizolipa kwa fedha hizo, atakuwa amehesabu mara mbili. Vivyo hivyo kitu kilichokopwa dukani kiandikwe siku kilipochukuliwa, wala kisiandikwe tena siku ya kulipa.

Sasa tutwae nyumba moja ya Dar es Salaam, mwalimu na mkewe mshonaji na watoto wawili, tuitazame kwa mfano. Mshahara unaofika mkononi ni 620,000, na cherehani huleta 140,000 baada ya kutoa uzi na vitambaa, jumla 760,000. Matumizi waliyoyajua kwa moyo yalikuwa haya: kodi 120,000, chakula cha nyumbani 285,000, mkaa na gesi 48,000, umeme na maji 32,000, mahitaji ya shule 40,000, sadaka na michango 35,000. Hayo ni 560,000. Basi kila mwezi yapasa zibaki 200,000. Lakini hazikubaki. Kila wiki ya tatu walikopa 50,000 kwa mtu wa mtaani na kumrudishia 60,000 siku ya mshahara. Mume alidhani mke anaficha fedha za cherehani. Mke alidhani mume anawapelekea ndugu zake kwa siri. Hawakugombana kwa sauti, lakini kila mmoja alikuwa na neno moyoni.

Walipatana jambo moja kabla ya kuanza: kwa siku 30 hakuna atakayemwuliza mwenzake, "Kwa nini ulinunua hiki?" Tena hakuna atakayejinyima kwa sababu ya daftari. Sharti hilo la pili ni gumu, kwa kuwa wiki ya kwanza kalamu humwonea mtu haya, naye huacha kununua alivyozoea. Ndiyo maana wiki moja haitoshi. Katika wiki ya pili na ya tatu mtu hurudi katika mwendo wake, na hapo daftari husema kweli.

Siku ya 30 walikaa na vijitabu vyote wakavipanga mafungu. Nauli ya daladala, 600 kwenda na 600 kurudi kwa siku 22 za kazi, ilikuwa 26,400. Pikipiki za bodaboda kati ya nyumbani na kituoni, 1,000 kila mara, zilipandwa asubuhi 17 na jioni 9, jumla 26,000. Yaani kipande kile kifupi cha njia kiligharimu karibu sawasawa na safari nzima ya mjini. Chai na chapati shuleni, 1,500 kwa siku 22, ilikuwa 33,000. Soda 14 za 700 zilikuwa 9,800. Ubuyu na karanga za watoto, 8,800. Vifurushi vya simu vya mume, 19 vya 1,000, vilikuwa 19,000. Vya mke, 23 vya 500, vilikuwa 11,500. Ada za kutoa fedha kwa wakala mara 11, 14,600. Jumla ya hayo yote ni 149,100. Tena dawa na rambirambi 28,000, riba ya yule mkopeshaji 10,000, na "haijulikani" 12,900. Ongezeni, mtaona 200,000 imekwisha pasipo mwizi wala siri.

Hapo wengi hufanya haraka. Huona chapati ni 33,000, wakasema, "Basi, hakuna chapati tena." Baada ya siku nne njaa huwashinda, na daftari hutupwa. Njia iliyo bora ni kuifuata ile safu ya sababu. Katika asubuhi 17 za bodaboda, neno "nimechelewa" lilikuwa limeandikwa mara 13. Kwa nini kuchelewa? Kwa kuwa mume ndiye aliyechota maji bombani alfajiri, na foleni ilikuwa ndefu. Walipoanza kujaza madumu jioni, mtoto mkubwa akisaidia, zile safari 13 zilikoma, nazo ni 13,000. Asubuhi 4 zilizosalia zilikuwa za mvua, na jioni 9 zilikuwa za giza katika njia isiyo salama. Hizo waliziacha, kwa maana fedha iliyonunua usalama haikuvuja.

Chapati ya shuleni nayo ilikuwa na sababu iliyoandikwa "njaa", karibu kila siku. Mwalimu aliondoka nyumbani bila kula kitu, kwa kuwa moto ulikuwa haujawashwa. Waliamua kupika maandazi jioni mara mbili kwa wiki na kujaza chai katika chupa. Walipohesabu unga, sukari, mafuta na gesi, gharama ilikuwa kama 600 kwa siku. Basi kwa siku 22 walipata nafuu ya 19,800. Soda wakaiweka siku ya Ijumaa tu: nne kwa mwezi badala ya 14, nafuu ya 7,000. Ubuyu wa watoto hawakuugusa.

Katika simu tunaomba msomaji awe mwangalifu. Kifurushi cha siku moja huonekana rahisi, lakini muda wake ukiisha, dakika zilizosalia nazo hupotea. Mume aliangalia salio lake kabla ya kifurushi kwisha muda, akaona mara nyingi karibu nusu haijatumika. Akanunua cha mwezi kwa 12,000, nafuu ya 7,000. Lakini mtu ambaye cha mwezi humwishia siku ya 12, kisha akarudia vya siku, amezidisha gharama wala hakupunguza. Kwa hiyo salio lipimwe kwanza. Vifurushi vya mke, ingawa vilinunuliwa mara nyingi zaidi, vilibaki kama vilivyo, kwa kuwa sababu iliyoandikwa ilikuwa "wateja". Bila simu hapana anayeleta kitambaa. Hiyo ni gharama ya kazi, wala si ufa.

Ada za wakala hupangwa kwa madaraja: atoaye kidogo kidogo hukatwa sehemu kubwa zaidi ya fedha yake kuliko atoaye mara moja. Walipotoa mara 4 tu, ada zilikuwa 8,000, nafuu ya 6,600. Lakini fedha nyingi nyumbani hushawishi mkono. Kwa hiyo waliigawa katika bahasha nne, moja kwa kila wiki.

Jumlisheni nafuu zote: 13,000 na 19,800 na 7,000 na 7,000 na 6,600 ni 53,400. Hiyo yapita ile 50,000 waliyokuwa wakiikopa. Basi mwezi uliofuata, wiki ya tatu ilipofika, hawakwenda kwa mkopeshaji, na 10,000 ya riba ikabaki nyumbani mwezi uliofuata huo.

Tusidanganyane, hata hivyo, juu ya nguvu ya daftari hili. Mwezi mmoja hauonyeshi sare za Januari, wala ugonjwa, wala safari ya kwenda kwao mkoani. Hayo yataka hesabu ya mwaka. Wala si haki kuzidisha 53,400 kwa 12, kwa kuwa miezi ya likizo haina chapati za shuleni wala nauli. Na iko nyumba ambayo, baada ya kuandika kila senti, itaona hakuna ufa wowote: unga na kodi vimekula vyote. Nyumba hiyo isijilaumu wala isiwanyime watoto karanga zao. Daftari limewaambia kweli nyingine, kwamba haja yao ni kuongeza pato au kupata kodi nafuu, nao wameijua bila kushukiana.

Tena kazi hii haihitaji kufanywa miezi yote. Yule mwalimu na mkewe waliandika mwezi mmoja, wakakaa miezi mitano bila kuandika, kisha wakaandika tena ili waone kama nyufa zimerudi. Zilizorudi zilikuwa mbili: soda, na bodaboda za asubuhi, kwa kuwa mtoto mkubwa alikuwa amekwenda shule ya bweni na madumu yakabaki matupu. Soda walicheka wakaiacha. Madumu wakayagawana, mume siku tatu, mke siku tatu, na Jumapili yeyote atakayetangulia kuamka.