Kutoka Fali ya Mfalme hadi Nyota ya Kila Mtu

Mwishoni mwa Desemba mwaka 671 K.K., mwezi ulipatwa juu ya nchi za Ashuru na Babeli. Mfalme wakati huo alikuwa Esarhadoni, aliyetawala eneo kubwa la Mashariki ya Kati kutoka mji wa Ninawi, kaskazini mwa Iraki ya leo. Kwake yeye kupatwa kwa mwezi kulikuwa habari ya kifo, na swali lilikuwa moja tu: kifo cha nani?

Kulijibu swali hilo ilikuwa kazi ya wataalamu walioajiriwa na jumba la mfalme. Walitazama giza limeanzia upande gani wa mwezi, tukio limeangukia mwezi gani wa mwaka, tarehe ngapi, na zamu ipi ya usiku. Uso wa mwezi waliugawa kama ramani ya dunia waliyoijua: kulia ni Akadi, yaani Babeli; kushoto ni Elamu; juu ni nchi za magharibi; chini ni Subartu, jina ambalo Waashuru walilichukua kuwa lao. Upande ulioingia giza ndio ulioonyesha msiba unakwenda wapi. Kisha waliitafuta sayari ya Mshtarii. Kama ilionekana angani mwezi ukiwa gizani, mfalme alihesabiwa kuwa salama.

Kupatwa kwa mwaka ule kulihukumiwa kuwa hatari, na dawa yake ilikuwa kumweka mfalme wa badala. Alichaguliwa mtu aitwaye Damki, mwana wa mkuu wa hekalu katika mji wa Akadi. Alikalishwa kwenye kiti cha enzi, akapewa malkia, na fali mbaya zote zikasomwa zimwangukie yeye. Kwa desturi mbadala aliweza kukaa hadi siku 100, na katika muda huo mfalme wa kweli alikaa pembeni, hata barua alizoandikiwa zikamwita “mkulima”. Mbadala hakuachwa aishi, kwa kuwa fali ilikuwa imeahidi kifo cha mfalme, na ahadi ya miungu lazima itimie kwa mtu mwenye taji. Barua aliyoletewa Esarhadoni imebaki hadi leo kwenye kibao cha udongo. Inaeleza kwamba Damki na malkia wake walikufa, wakapambwa, wakazikwa na kuombolezwa kama inavyostahili wafalme.

Nimekieleza kisa hiki kwa kirefu kwa sababu kinaonyesha jinsi elimu hiyo ya kale ilivyokuwa mbali na unajimu tunaoujua. Kwa watu wa Mesopotamia mwezi haukumdhuru mtu. Mwezi ulikuwa ubao ambao miungu iliandika onyo, na onyo likishasomwa kulikuwa na nafasi ya kuligeuza kwa kafara, kwa dua, au kwa kumtoa Damki. Tena onyo lenyewe lilihusu mfalme, vita, mafuriko, mavuno na bei ya nafaka. Mtoto wa mvuvi hakuwa na nyota. Mkusanyo mkuu wa fali hizo, uitwao Enuma Anu Enlil, una vibao vipatavyo 70 vya mwandiko wa kikabari, na karibu kila sentensi yake imejengwa kwa umbo moja: ikiwa jambo fulani litaonekana angani, basi jambo fulani litatokea nchini.

Kazi ya namna hiyo ilidai kumbukumbu nzuri. Kuanzia katikati ya karne ya 7 K.K. tunazo daftari za Babeli ambamo waandishi waliandika, usiku baada ya usiku, mwezi uko karibu na nyota gani, sayari ipi imechomoza na ipi imepotea, hali ya hewa ilikuwaje, kina cha mto Frati, na bei ya shayiri, tende na sufu sokoni. Utaratibu huo uliendelea kwa karibu miaka 600. Sijui kazi nyingine ya utafiti katika dunia ya kale iliyodumu muda mrefu hivyo kwa mpango mmoja.

Katika rundo la kumbukumbu hizo wakagundua kwamba anga lina marudio. Kupatwa kwa mwezi hujirudia kwa mpangilio wa miezi 223 ya mwandamo, yaani miaka 18 na siku chache. Baada ya hapo mtaalamu hakusubiri tena kushtukizwa, bali aliweza kukadiria mapema usiku wa hatari. Na mtu akianza kukadiria, anahitaji kipimo.

Hapo ndipo buruji 12 zilipozaliwa. Zamani wataalamu walitaja njia ya mwezi kwa makundi ya nyota yaliyo kandokando yake, na orodha yao ya kale ilikuwa na makundi 17. Kwa kuonyesha mahali yalitosha, lakini kwa hesabu yalikuwa usumbufu, kwa sababu hayalingani. Kundi moja ni pana, jingine jembamba, na mengine yameingiliana. Katika karne ya 5 K.K. Wababeli waliigawa njia hiyo katika sehemu 12 zilizo sawa, kama fundi anavyogawa kitambaa kwa futi, kila sehemu digrii 30. Idadi hiyo waliitoa kwenye kalenda yao ya hesabu, ambamo mwaka ulikuwa na miezi 12 ya siku 30, jumla siku 360. Kila sehemu ilipewa jina la kundi la nyota lililokuwa jirani, lakini tangu siku hiyo sehemu na kundi vikawa vitu viwili tofauti. Ukweli huo ndio husahauliwa mara nyingi zaidi katika mabishano ya nyota.

Muda si mrefu likatokea jambo jipya. Tunacho kibao cha mwaka 410 K.K., miongoni mwa vya kale kabisa vya aina yake, kinachohusu kuzaliwa kwa mtoto mwishoni mwa Aprili, tarehe 14 ya mwezi wa Nisanu. Jina la mtoto halikutajwa. Ametajwa baba yake Shuma-usur, babu yake na ukoo wake. Kisha zinafuata nafasi za angani wakati huo: mwezi chini ya pembe ya Nge, Mshtarii katika Samaki, Zuhura katika Ng'ombe, Zohali katika Kaa, Mirihi katika Mapacha, na Utaridi haionekani kwa kuwa imeshazama. Utabiri ni maneno machache tu, kwamba mambo yatakuwa mema.

Hakuna mfalme hapo, wala vita, wala mafuriko. Ni mtoto wa ukoo wenye jina, na anga la siku yake. Kwa nini elimu iliyomtumikia mfalme ilimgeukia raia? Naona sababu mbili zilikutana. Mwaka 539 K.K. Koreshi wa Uajemi aliuteka mji wa Babeli, na wataalamu wakabaki mahekaluni bila mfalme wa kwao wa kumlinda. Wakati huohuo hesabu ilikuwa imefika mahali ambapo mtu angeweza kutafuta sayari ilikuwa wapi siku fulani bila kuiona kwa macho. Jambo hilo la pili lina uzito, kwa sababu mtoto hangojei usiku usio na mawingu ndipo azaliwe.

Aleksanda Mkuu alipoingia Babeli mwaka 331 K.K., njia ya kwenda kwa Wayunani ikafunguka. Unajimu uliokomaa ulipikwa hasa Misri, katika mazingira ya mji wa Aleksandria. Wamisri walikuwa na desturi ya kupima saa za usiku kwa makundi 36 ya nyota zinazochomoza kwa zamu, na kutoka kwenye mazoea hayo ya kutazama mashariki likaja swali ambalo kibao cha 410 hakikuliuliza: ni sehemu gani ya buruji iliyokuwa ikichomoza mtoto alipotoka tumboni? Sehemu hiyo inayochomoza, ambayo wanajimu huiita tali, hupita digrii moja kwa takriban dakika nne. Kwa hiyo watoto wawili wa siku moja wanaweza kuwa na anga tofauti kabisa, na saa ya kuzaliwa ikawa na thamani kuliko tarehe.

Wayunani waliongeza pia nadharia. Katika karne ya 2 B.K. Ptolemi wa Aleksandria aliandika kitabu cha unajimu, Tetrabiblo, akieleza kwamba nyota hutenda kwa joto, baridi, unyevu na ukavu, kama jua linavyoivisha mazao. Onyo la miungu likageuka kuwa nguvu ya maumbile. Esarhadoni angeweza kubishana na fali yake, lakini msomaji wa Ptolemi alibaki na nafasi ndogo zaidi.

Majina nayo yalisafiri na kubadilika. Sehemu ya kwanza Wababeli waliiita Kibarua, na kwa Wayunani ikawa Kondoo dume. Sehemu ya sita ilikuwa Mfuo wa shamba, ikichorwa na mwanamke mwenye suke la nafaka. Wayunani walimchukua mwanamke, wakamwita Bikira. Waarabu, waliotafsiri vitabu vya Kiyunani huko Baghdadi, walilipenda suke, wakaiita Sumbula. Ndiyo maana wanajimu wa pwani yetu, waliojifunza kwa vitabu vya Kiarabu, huwaambia waliozaliwa mwanzoni mwa Septemba kwamba nyota yao ni Mashuke. Ni shamba la Babeli hilo, limefika Mombasa na Dar es Salaam kupitia Baghdadi.

Ptolemi alifanya uamuzi mwingine ambao matokeo yake tunaishi nayo. Aliianza buruji ya Kondoo mahali lilipo jua usiku na mchana vinapolingana mwezi Machi, badala ya kuifunga kwenye nyota zenyewe. Mahali hapo husogea kinyumenyume mbele ya nyota, digrii moja kwa miaka kama 72. Tofauti ilikuwa ndogo enzi zake, lakini leo imefika digrii 24 hivi. Chukua mtu aliyezaliwa tarehe 1 Aprili. Kwa hesabu iliyotoka kwa Ptolemi, jua lake liko digrii ya 11 ya Kondoo. Kwa wanajimu wa India, walioendelea kupima kwa nyota, toa 24, na jua linarudi katikati ya Samaki. Mtu ni yuleyule na jua ni lilelile, lakini tabia anazosomewa ni mbili.

Kuhusu ukurasa wa “nyota yako wiki hii”, huo ni mgeni kabisa katika historia hii. Ulianza kushika magazetini baada ya Agosti 1930, gazeti la Sunday Express la Uingereza lilipochapisha utabiri wa R. H. Naylor kuhusu binti wa kifalme Margareti aliyekuwa amezaliwa siku chache kabla. Ili kila msomaji ajikute, mambo yote yakafupishwa kuwa kitu kimoja, yaani mahali pa jua. Mwezi ukaachwa, sayari zikaachwa, na tali ikaachwa. Mwandishi wa kibao cha 410 K.K. alitaja mwezi na sayari zote tano. Jua hakuliandika.