Ada ya Nyumba: Nusu ya Mwajiri Inatoka Mfukoni mwa Nani?

Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024 nchini Kenya inamtaka mfanyakazi akatwe asilimia 1.5 ya mshahara wake, na mwajiri aongeze asilimia 1.5 nyingine. Anayesoma hivyo huona mzigo umegawanywa sawa kwa sawa. Hesabu za mishahara haziendi hivyo.

Chukua karani anayelipwa shilingi 50,000. Kumweka kazini kunamgharimu mwajiri 50,750, naye karani, tukiacha makato mengine, anabaki na 49,250. Katikati pana shilingi 1,500 zinazokwenda serikalini. Sasa tuseme Bunge linabadilisha sheria, mwajiri alipe asilimia zote tatu. Mwezi wa kwanza karani atafurahi, maana mkataba wake unasema 50,000 naye anazipata zote. Mwajiri ndiye atakayekuna kichwa kwa hizo 750 za ziada.

Lakini mwajiri hahesabu mshahara peke yake. Anahesabu gharama yote ya kuwa na karani, kisha anailinganisha na kazi anayoifanya. Ikiwa karani alistahili kugharimu 50,750 jana, leo pia ni hivyo hivyo, awe nani aliyeandikwa kwenye sheria. Kwa hiyo muda wa nyongeza ukifika, nyongeza inakuwa ndogo kidogo, na waajiriwa wapya wanaahidiwa mshahara wa chini kidogo. Hakuna barua ya kupunguziwa mshahara inayoandikwa. Bei za vitu zinapopanda kila mwaka, kunyimwa nyongeza kunatosha. Hesabu ikishatulia, karani atakuwa analipwa mshahara wenye thamani ya kama 49,250 za mwanzo, mwajiri akiongeza asilimia tatu juu yake, na jumla inarudi karibu na 50,730. Tofauti na pale tulipoanzia ni shilingi ishirini hivi.

Kama sheria haiamui, nini kinaamua? Ni nani kati ya hao wawili anayeweza kuondoka kwa urahisi zaidi. Shamba la maua la Naivasha linalouza kwenye mnada wa Uholanzi haliwezi kupandisha bei kwa sababu Nairobi kumetoka kodi mpya. Mnunuzi atachukua maua ya Ethiopia au Kolombia. Mchuma maua naye hana kazi nyingine rasmi ya kukimbilia, basi mzigo unamwangukia yeye. Daktari bingwa anayeweza kupata kazi Uingereza ana nguvu tofauti. Hospitali ikijaribu kumbana, anafunga virago, kwa hiyo ni hospitali itakayobeba, au wagonjwa wake kupitia bili.

Chile ilitoa mfano ulio wazi. Mwaka 1981 ilihamisha pensheni kutoka serikalini kwenda kwenye mifuko binafsi, na michango iliyokuwa ikitozwa kampuni ikaporomoka. Mchumi Jonathan Gruber alipochunguza takwimu za viwanda vya huko, alikuta kwamba mishahara ilipanda kwa kiasi kile kile kodi ilichoshuka, huku idadi ya walioajiriwa ikibaki palepale. Kodi iliyoitwa ya kampuni ilikuwa imelipwa na wafanyakazi miaka yote hiyo.

Ningependa hadithi iishie hapo, ila Uswidi inakataa. Mwaka 2007 ilipunguza kodi ya ajira inayolipwa na mwajiri, lakini kwa wafanyakazi vijana tu. Kwa nadharia niliyoieleza, mishahara ya vijana ingepanda kuliko ya wenzao waliowazidi umri kidogo. Haikupanda hivyo. Kampuni zenye vijana wengi zilikua, zikaajiri zaidi, na zikawaongezea mishahara wafanyakazi wao wa rika zote. Sababu inaeleweka: watu wawili wanaokaa meza moja wakifanya kazi moja hawalipwi tofauti kwa sababu tu ya umri bila ugomvi kuzuka. Kodi inapomlenga mmoja wao, unafuu wake hauingii kwenye mshahara wake moja kwa moja. Kodi inayowagusa wote kwa pamoja, kama ada ya nyumba, haina kizuizi hicho.

Kizuizi kingine ni kima cha chini cha mshahara. Kwa anayelipwa kima hicho hasa, mwajiri hawezi kuhamisha mzigo kwa kushusha mshahara, kwa kuwa atakuwa amevunja sheria. Kwa mtu huyo, jina la mlipaji lina uzito: asilimia iliyoandikwa kwa mwajiri inabaki kwa mwajiri, na ile ya mfanyakazi inamtoka yeye. Ila mwajiri bado ana njia. Anaweza kupunguza saa za kazi, kuacha nafasi wazi mtu anapoondoka, au kugeuza ajira ya kudumu kuwa kibarua cha kutwa ambacho hakiandikwi kwenye daftari la mishahara wala hakitozwi ada yoyote. Hapo anayebeba mzigo ni yule ambaye hakuajiriwa, na hakuna hati ya mshahara itakayomwonyesha.